Kuku ananyonyoka, anapukutika au anabadili manyoya?

*Mwalimu, banda langu limejaa manyoya tangu wiki iliyopita. Mume wangu anasema kuku "wananyonyoka", jirani anasema "wanapukutika", na kijana wa duka la dawa za mifugo ameniambia "wanabadili manyoya". Lipi sahihi? Na yale laini kama pamba yanayopeperuka, nayo tuyaite manyoya? Jambo jingine: mwaka jana niliwakata mabawa, mbona sasa wanaruka uzio?*
*Msomaji wa Kilosa*

Mama, nianze na jirani yako, kwa kuwa neno lake ndilo lingenishtua. Mtu akiniambia "kuku wa fulani wanapukutika", mimi nitauliza kama ni mdondo umeingia. Kitenzi hiki kimezoea majani ya mti na vitu vinavyodondoka kwa wingi kwa mkupuo, na kikishikamanishwa na wenye uhai, wasikiaji wengi huelewa kwamba wanakufa mmoja baada ya mwingine. Kinachopukutika bandani kwako ni manyoya. Kuku mwenyewe anapukutisha, kama vile mti unavyopukutisha majani.

"Wananyonyoka" ni sahihi kabisa, na kitenzi hicho kina faida ambayo wafugaji huitumia bila kuitambua. Shina lake ni nyonyoa, kazi tunayoifanya kuku akishachinjwa na kumwagiwa maji ya moto. Ukibadili mwisho wa kitenzi, unabadili pia mhusika. Kuku *ananyonyoka* pale manyoya yanapotoka yenyewe. *Ananyonyolewa* pale kuna anayeyatoa, mfano jogoo anayempanda kila saa mpaka mgongo unabaki ngozi tupu. *Wananyonyoana* pale wamebanana bandani wakaanza kudonoana. Na yupo *anayejinyonyoa*: kasuku aliyefungiwa peke yake hufanya hivyo kwa dhiki, ilhali bata jike wengi huyang'oa manyoya laini ya kifuani ili kutandika kiota.

Kwa hiyo kabla hujachagua kiambishi, kamata kuku mmoja umtazame. Kama ananyonyoka kwa kawaida yake, utaona upungufu unaofanana kulia na kushoto, na pale palipo wazi utaona vijiti vichanga vikichomoza kama ncha za kalamu. Kama ananyonyolewa, uwazi uko sehemu moja, ngozi ni nyekundu, na mara nyingi utakuta manyoya yamekatikia njiani. Ukikuta utitiri au chawa kwenye mashina ya manyoya, hasa karibu na mkundu, basi hilo ni tatizo jingine na huyo kijana wa dukani ana dawa yake.

Kijana naye hakukosea. "Kubadili manyoya" ndilo jina la shughuli nzima, kwa sababu kunyonyoka ni nusu tu ya habari. Unyoya uliokwisha kukua ni kitu kilichokufa, kama ukucha. Damu haifiki tena humo. Jua likiufifisha, vichaka vikiukwangua ncha, au utitiri ukiutoboa, hauponi. Ndege hupitisha mdomo kuupanga na kuupaka mafuta kutoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia, lakini huo ni ukarabati tu. Dawa ya unyoya uliochakaa ni unyoya mwingine, unaoota katika kitundu kilekile cha ngozi na kuusukuma wa zamani nje.

Sasa hayo "laini kama pamba". Kiswahili kinayo *malaika*, umoja wake *laika*: nywele au manyoya mororo ya mwilini. Najua wengi wakilisikia neno hilo huwaza wenye mbawa wa mbinguni, lakini ni maneno mawili yaliyokutana njiani kwa sauti tu. Vinyweleo vya mkononi mwako ni malaika, na kifaranga aliyeanguliwa leo amevaa malaika matupu. Ni manyoya pia, hujakosea kuyaita hivyo, ila ukitaka kusema lipi linafanya kazi gani, utayahitaji maneno yote mawili.

Chukua unyoya mkubwa wa bawa uuelekeze kwenye mwanga. Katikati kuna bua, na pande zote mbili nyuzi zilizolala sambamba. Zitenganishe kwa kidole, kisha zivute taratibu kuelekea nchani: zinashikana tena. Kila uzi una vijiuzi vyenye kulabu ndogo mno zinazokamata uzi wa jirani, kama zipu. Hapo ndipo unyoya unapopata ubapa usiopitisha hewa ovyo, na bila ubapa huo hakuna kuruka. Tazama pia kwamba upande mmoja wa bua ni mwembamba kuliko mwingine. Ule mwembamba ndio unaotangulia kukata hewa.

Laika halina zipu. Nyuzi zake zimeachwa huru, zimetawanyika, na ndiyo maana linapeperuka na ndiyo maana linatia joto: hewa inanaswa humo na kutulia karibu na ngozi. Juu yake hulala manyoya ya mwili yenye ubapa nchani na ulaini shinani. Hayo huzuia upepo na mvua visiifikie hewa ile ya ndani. Kifaranga hana paa hilo. Malaika yake yakilowa yanagandamana, hewa inatoka, na anatetemeka hata mchana. Ndiyo sababu siku za mwanzo tunamwekea joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha tunalipunguza kadiri manyoya halisi yanavyoota. Kuku anayebadili manyoya anarudi kidogo kwenye hali hiyo. Usiku wa mvua utamkuta amejikunyata, na si lazima awe mgonjwa.

Nije kwenye mabawa, maana hapa nina neno na wewe. Natumaini hukuwakata mabawa! Bawa ni kiungo, lina mfupa na nyama. Ulichokata ni *mbawa*, umoja *ubawa*, kwa maana ya yale manyoya marefu ya kurukia. Najua mitaani maneno haya yamechanganyika na watu wanaelewana, hata hivyo mimi huyatenganisha, hasa ninapomwelekeza mtu mwenye mkasi mkononi.

Kuku ana mbawa kubwa 10 kwenye ncha ya kila bawa. Ukimfunua bawa, utaziona zimetengwa na zile za ndani na unyoya mmoja mfupi. Kubadilika kwake huanzia jirani na huo mfupi na kuelekea nchani, na hutokea baada ya kichwa, shingo na mwili kuwa vimeshaanza. Ubawa mpya huchukua kama wiki sita kukua hadi mwisho, na theluthi mbili ya urefu huo hupatikana katika wiki tatu za mwanzo.

Tuseme umemfunua tetea mmoja ukakuta mbawa tatu za kwanza zimekua kabisa na zinang'aa, ya nne inakaribia, ya tano ni fupi, na mahali pa sita pana tundu tupu. Zilizobaki nne ni vile visiki ulivyovikata mwaka jana. Huyu anaangusha ubawa mmoja kila baada ya wiki mbili hivi. Wa tatu ulianguka wiki ya nne tangu aanze, ukamaliza kukua wiki ya kumi. Kwa hiyo leo yuko karibu na wiki ya kumi, na kwa mwendo huo atamaliza zote katika wiki ya 24 hivi. Mwenzake anayeangusha mbili au tatu kwa pamoja atamaliza mapema zaidi, kwa kuwa mbawa tatu huota ndani ya wiki sita zilezile ambazo mmoja ungeota. Wafugaji wa zamani walimpenda huyo wa pili kwa sababu anarudi kutaga upesi. Unyoya karibu wote ni protini, na kuku hawezi kwa urahisi kugharimia manyoya na mayai kwa wakati mmoja. Akisimama kutaga sasa, usimchinje kwa kudhani amekwisha. Mwongezee dagaa na mashudu.

Na jibu la uzio umekwisha kuliona. Mkasi hauui kitundu cha ngozi, unafupisha tu ubawa uliokwisha kufa. Kisiki hukaa vilevile mpaka zamu yake ya kubadilishwa ifike, kisha unachomoza ubawa mzima kana kwamba hukukata kitu. Kama ungeung'oa wote, mwingine ungeanza kuota papo hapo bila kusubiri zamu.

Kule kuachia moja moja, tena kulia na kushoto kwa pamoja, ndiko kunakomwezesha ndege kama mwewe kuendelea kuruka na kuwinda akiwa na pengo kwenye kila bawa. Utaliona pengo hilo ukimtazama kwa chini akielea angani. Si wote wenye subira hiyo. Bata na mabata bukini wengi huangusha mbawa zote kwa mkupuo na kukaa wiki kadhaa wakijificha majini bila kuruka. Pengwini wa Afrika Kusini hubadili vazi zima kwa wiki tatu hivi na hawaingii baharini kula, kwa kuwa vazi lenye matundu lingepitisha maji baridi. Kwetu nyikani, majike wa hondohondo wadogo hujifungia kwenye tundu la mti wakati wa kutaga, wakaziba mlango kwa udongo na kinyesi na kuacha ufa wa kulishwa na dume, kisha humo ndani huziachia mbawa zao na manyoya ya mkia. Hao mbawa zao zinapukutika hasa, na hapo neno la jirani yako lingekaa vizuri kuliko "kunyonyoka".

Ukitaka kuwapunguza tena kuku wako, subiri kwanza. Ubawa unaokua ungali na damu ndani ya bua, nalo huonekana la samawati au jeusi karibu na ngozi. Ukilikata hapo kuku atachuruzika damu. Bua likishakuwa jeupe na kavu, kata mbawa za bawa moja tu, ili akijaribu kuruka aelemee upande.