Tazama kilichoko kati ya maua: kutambua shantili, gipyua na broderi anglezi

Ukitaka kuijua lesi, usianze na maua. Maua ndiyo yanayovuta macho na ndiyo muuzaji anayoyatanguliza, lakini waridi na majani ya mzabibu hupatikana katika lesi za kila aina. Anza pale pasipo na ua. Kati ya ua na ua kuna nini? Kukiwa na wavu mwembamba, uko upande wa shantili. Kukiwa wazi kabisa, na maua yameshikana kwa vijiti vya uzi tu, hiyo ni gipyua. Kukiwa na kitambaa kilichofumwa, kikatobolewa matundu yaliyozungushiwa uzi, hiyo ni broderi anglezi.

Mimi nashona nguo za harusi na mabuibui hapa Lamu, na swali hilo moja naliuliza kila kitambaa kinapofunguliwa mbele yangu. Jibu lake ndilo linaloniambia mkasi upite wapi, mshono ukae wapi, na kama nguo itahitaji bitana.

Kwanza toka nayo nje. Maduka mengi ya Usita wa Mui yana kiza hata saa sita mchana, na taa ya dukani huufuta wavu mwembamba usionekane. Omba ruhusa, toka na ncha ya kitambaa hadi dakani au mahali penye mwanga wa jua. Lesi nyeupe itandaze juu ya buibui lako. Lesi nyeusi itandaze juu ya kitambaa cheupe, kwani nyeusi juu ya nyeusi huwezi kuisoma. Kisha igeuze uione nyuma, maana nyuma ndiko mashine huacha alama zake.

Broderi anglezi kwetu si ngeni, hata kwa asiyejua jina lake. Aliyewahi kumwona mtu akishona kofia kwa mkono ameshaiona kanuni yake: kitambaa kinatobolewa, halafu ukingo wa tundu unazungushiwa uzi mpaka ukaze usifumuke. Uingereza kazi hii ilishika sana kati ya mwaka 1840 na 1880, juu ya pamba nyeupe, kwa nguo za watoto na nguo za ndani za wanawake. Hapa ua halijengwi kwa uzi uliojazwa. Ua ni matundu yenyewe: la duara katikati, na mengine marefu kama umbo la lozi yakilizunguka. Wenye ujuzi husema hii si lesi hasa bali ni darizi, na ni kweli, ila dukani utaikuta kwenye rafu ileile.

Pitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu. Ukihisi uzi uliosongamana pande zote, ni yenyewe. Ukihisi ukingo mgumu unaong'aa na huoni uzi, hiyo ni poliesta iliyokatwa kwa moto. Itauchoma mwili kwenye joto letu na haina uzuri wa pamba. Ukiishona, panga mshono upite penye kitambaa, usipite katikati ya tundu. Ikishindikana, weka chini ya mshono utepe mwembamba wa pamba wa rangi ileile. Na ule upande wenye mawimbi yaliyodariziwa uwe ndio upindo wa gauni, kwa hiyo laza vipande vyako kuufuata huo, wala usiukate kisha ukaanza kupinda upya.

Shantili nayo imechukua jina la mji wa Chantilly, kaskazini mwa Paris, ambako lesi ilitengenezwa tangu karne ya 17. Iliyopata sifa ni ile ya hariri nyeusi. Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yaliwaondoa matajiri waliokuwa wakiinunua na kazi ikaanguka. Karne ya 19 ilipofufuka, nyingi ilitengenezwa kwingine: Bayeux huko Normandi, na Geraardsbergen nchini Ubelgiji. Tangu hapo jina hilo halikuambii kitambaa kimetoka wapi. Linakuambia kimejengwaje.

Nayo imejengwa hivi. Wavu na ua vinatengenezwa pamoja, kwa nyuzi zilezile. Ua ni mahali ambapo nyuzi zimekaribiana, wavu ni mahali zilipoachana. Ndiyo maana huwezi kuliinua ua la shantili kwa ukucha: hakuna kitu cha kuinua. Ukiitazama kwa karibu, utaona vitundu vya wavu vina pembe sita, na ndani ya petali uzi umejaa pahali na kulegea pahali, hivyo petali inapata kivuli. Kuzunguka ua lote kunapita uzi mnene kidogo uliolala bapa, unaochora mpaka. Huo uzi wa mpaka ndio alama ninayoitafuta kwanza. Pembeni mwa kitambaa kuna mawimbi, na mara nyingi kwenye mawimbi hayo zimeachwa nyuzi fupi zinazoitwa kope. Usizikate, ni sehemu ya urembo.

Ya mashine bora bado inafumwa Calais na Caudry, Ufaransa, kwa mashine za Leavers, ambazo asili yake ni Nottingham, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19. Nyingi inayotufikia sisi si hiyo. Ni ya nailoni iliyosukwa kwa mashine za haraka. Itambue kwa kuuvuta wavu: ile iliyosukwa hunyumbuka zaidi, na ukiitazama kwa miwani ya kukuzia utaona safu za vitanzi vilivyosimama wima, wakati ile ya Leavers nyuzi zake zimezungukana bila vitanzi. Sina neno na ya nailoni kwa mikono ya buibui la kila siku. Inafuliwa, inakauka, inavaliwa. Lakini bei yake isiwe ya ile nyingine.

Gipyua ni kinyume cha shantili karibu kwa kila jambo. Haina wavu hata kidogo. Ua ni uzi mtupu uliojazwa mpaka umepata unene, na ua moja hushikwa na jingine kwa vijiti vya uzi. Gipyua za kale zilifanywa kwa mkono, lakini hii ya madukani ina historia ya kiwandani. Mwaka 1863 Isaak Gröbli alibuni Uswisi mashine ya kudarizi inayoitwa shifli. Miaka ya 1880 mafundi wa St. Gallen na wa Plauen, Ujerumani, wakapata njia ya kudarizi juu ya kitambaa cha kubebea, halafu kukiyeyusha kitambaa hicho kwa dawa ili ibaki darizi peke yake. Siku hizi hutumika cha kubebea kinachoyeyuka kwenye maji ya moto.

Ukiielewa njia hiyo, alama zote zinajieleza. Vijiti vipo kwa sababu bila hivyo maua yangetawanyika cha kubebea kinapoondoka. Mbele na nyuma hufanana karibu sawa kwa sababu hakuna kitambaa kilichobaki kutenga pande mbili. Na gipyua mpya ikiwa ngumu kupita kiasi, mara nyingi ni mabaki ya cha kubebea hayajatoka yote. Chungulia pembe za vijiti uone kama pana utando unaong'aa. Iloweke kipande kidogo kwenye maji ya moto. Kikilainika, ulikuwa utando. Kikibaki kigumu, ni uzi wenyewe, na usitarajie gauni litakaloanguka vizuri mwilini.

Kwenye kukata, gipyua inataka subira. Ukipitisha mkasi katikati ya ua, nyuzi zinaanza kufumuka. Shona kwanza zigizagi nyembamba pale utakapokata, ndipo ukate, au ufuate ukingo wa ua na ukate vijiti peke yake. Vipande viwili viunge kwa kulipandisha ua la kipande kimoja juu ya ua la kingine.

Sasa nieleze kitambaa kinachowachanganya watu kuliko vyote, yaani lesi ya kamba, kwa sababu si kimoja kati ya vitatu hivyo. Shangazi wa bi arusi mmoja aliniletea mita nne za lesi nyeupe ya gauni la siku ya kupamba. Ilikuwa imeagizwa kwa picha za simu, kwa jina la gipyua. Kwa mbele ungeamini: maua mazito, kamba nene imezunguka kila petali, imeinuka ukiigusa. Aliitaka mikono iwe wazi bila bitana, na shingo ifuate maua.

Tulipoitoa dakani, kati ya maua palionekana wavu, mwembamba kiasi kwamba kwenye picha ulikuwa umepotea. Nikaigeuza. Wavu ulipita chini ya maua bila kukatika, na nyuma yake zilionekana nyuzi za chini za cherehani ya kudarizi. Nikauvuta: wavu ulinyumbuka, ua halikunyumbuka. Basi wavu ulitengenezwa kwanza, ukadariziwa baadaye, na kamba ikashonwa juu. Gipyua haiwezi kuwa hivyo kwa kuwa haina wavu, na shantili haiwezi kuwa hivyo kwa kuwa ua lake na wavu wake ni kitu kimoja.

"Kwa hivyo mwanangu, ni mbovu?" akaniuliza.

"Si mbovu, mama. Lakini si uliyoagiza, na haishonwi kama uliyoagiza."

Tatizo la kitambaa hiki ni uzito. Kamba ni nzito, na anayeibeba ni wavu mwembamba, kwa hiyo mabegani na kwapani ndiko huchanika kwanza. Kifua nikakiwekea neti imara ya rangi ya mwili, nikaishikiza kwa mkono kufuata kingo za maua ili mishono isionekane, mzigo ukahamia kwenye neti. Shingoni nikakata kuzunguka maua nikiacha milimita tatu za wavu. Wavu haufumuki, hauhitaji kupindwa. Mikono ilibaki bila bitana kama alivyotaka, ila nilipunguza maua karibu na kiwiko, mahali pa kukunja.

Kuna pia gipyua halisi iliyokatwa ua kwa ua na kushonwa juu ya neti. Hiyo ua lake lina nyuma yake lenyewe, na ukingoni ukucha unaingia kati ya ua na neti.

Ukiagiza kwa simu, omba picha tatu: ya mbele, ya nyuma, na moja ya kitambaa kimeinuliwa dirishani na kidole kimewekwa nyuma ya sehemu isiyo na ua. Kwenye gipyua utaona ngozi ya kidole wazi, kwenye shantili na lesi ya kamba utaiona kupitia wavu, na kwenye broderi anglezi utaiona kwenye matundu tu. Muuzaji asipotaka kupiga picha ya nyuma, agiza nusu mita kabla hujatuma pesa za gauni zima.