Zege la nguzo za duara na vidato vya ngazi: hesabu iliyonikwamisha

Tulikuwa tumefika saa tano asubuhi fundi aliponiita. "Bosi, zege limekwisha." Nikasogea kuangalia kalibu ya ngazi. Tabaka la chini kabisa lilikuwa limejaa vizuri na kusawazishwa. Juu yake, patupu.

Ngazi yenyewe ilikuwa ndogo, vidato vinne vya kupandia barazani. Kila kidato kina kimo cha sentimita 15, sehemu ya kukanyagia sentimita 30, na upana mita 1.2. Nilichofanya usiku uliotangulia ni kuzidisha 0.15 × 0.30 × 1.2, nikapata mita za ujazo 0.054, yaani tofali moja la zege, nikazidisha kwa nne. Jibu: 0.216. Nikalala nikijiona mhandisi.

Kosa ni kwamba ngazi iliyojaa zege mpaka ardhini haina matofali manne. Kidato cha kwanza ni tofali moja, cha pili kimekaa juu ya tofali jingine, cha tatu kina mawili chini yake, cha nne matatu. Ukijumlisha 1 + 2 + 3 + 4 unapata matofali 10, yaani mita za ujazo 0.54. Zege langu lilitosha matofali manne, na tabaka la chini lina matofali manne kamili. Ndiyo maana liliishia pale pale, bila kubaki wala kupungua hata karai.

Kwa ngazi ya namna hiyo, yenye vidato n:

```
ujazo = kimo × kukanyagia × upana × n × (n + 1) ÷ 2
```

Ngazi inayoning'inia, yenye bamba la mshazari lililo wazi chini, huhesabiwa vingine: kila kidato ni nusu tofali, kisha unaongeza bamba lenyewe. Kwa vipimo vyangu, na bamba la unene wa sentimita 12, ingekuwa kama mita za ujazo 0.30 tu. Ila unene huo upimwe kwa kuukata mshazari kwa pembe mraba. Ukiupima wima kwenda chini, sentimita 12 zako kwa kweli ni kama 10.7.

Uzito nao niliudharau. Zege la kawaida ni kama kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo ngazi yangu ni karibu tani 1.3. Mimi nilikuwa nimeikalisha juu ya kifusi kilichoshindiliwa kwa miguu. Baada ya miezi kadhaa ulionekana ufa mwembamba kati ya ngazi na baraza, mpana zaidi juu kuliko chini. Ufa wa umbo hilo unakuambia ngazi imeinamia mbele. Chimba mpaka udongo mgumu, au shindilia kifusi kwa matabaka membamba, kabla hujafikiria saruji.

Nguzo zilikuwa mbili, kipenyo sentimita 30, urefu mita 2.7. Hapa hesabu ni:

```
ujazo = 3.14 × (kipenyo ÷ 2)² × urefu
3.14 × 0.15 × 0.15 × 2.7 = 0.19
```

Kila nguzo basi ni mita za ujazo 0.19, kama kilo 460 bila kuhesabu nondo. Ukisahau kugawa kipenyo kwa mbili, jibu linazidi mara nne. Kama kalibu imeshasimama na huwezi kuweka futi ndani, izungushie kamba kwa nje, gawa mzingo kwa 3.14, kisha toa unene wa kalibu pande zote mbili.

Kipenyo ndicho cha kuchunga kuliko urefu, kwa sababu kinajizidisha chenyewe. Kalibu yangu ya bati ilitanuka sentimita moja kila upande: 30 ikawa 32, na zege likaongezeka kama asilimia 14 kwenye sehemu ile. Ilitanuka chini, wala si juu, kwa kuwa tuliijaza yote kwa mkupuo. Zege likiwa bado majimaji kwa kimo cha mita 2.7, kila eneo la sentimita 10 kwa 10 chini kabisa linasukumwa kwa nguvu ya kilo 65 hivi. Nguzo nyembamba haikuponyi, maana msukumo unafuata kimo. Nguzo ya pili tulifunga mikanda ya chini karibu karibu, tukaijaza kidogo kidogo huku tukishindilia kila tabaka, nayo ikatoka imenyooka.

Ngazi tuliimalizia siku iliyofuata, baada ya kuukwaruza uso wa zege la jana, kuuosha na kuupaka uji wa saruji. Mstari wa kiungo bado unaonekana ubavuni. Kwa kipimo cha 1:2:4, mita 0.54 pamoja na asilimia 10 ya upotevu hula takribani mifuko minne ya kilo 50. Mimi nilikuwa nimenunua miwili.