Delta inayovuta: hali iliyofungwa imejificha wapi?

> Wakuu, nimekokotoa T ya delta inayovuta na ya ile inayosukuma, majibu yametoka sawasawa. Sasa mtawanyiko unajuaje kwamba ile inayovuta ina hali iliyofungwa?

Mkuu, hesabu yako ni sahihi. Swali hili huzuka sana kwenye kikundi chetu cha kujisomea hapa Nyegezi, Mwanza, na mimi huwarudisha wenzangu kwanza kwenye kona ya wimbi.

Kwa V(x) = −αδ(x), wimbi halikatiki pale x = 0. Kinachoruka ni mteremko wake:

ψ′(0⁺) − ψ′(0⁻) = −(2mα/ħ²) ψ(0)

Sharti hilo linabeba kila kitu. Nishati ikiwa chini ya sifuri, wimbi lazima lififie pande zote mbili: ψ = √κ e^(−κ|x|). Mteremko wa kulia ni −κψ(0), wa kushoto +κψ(0), kwa hiyo κ = mα/ħ². Hakuna κ nyingine inayokubali. Ndiyo maana hali iliyofungwa ni moja tu, hata α iwe ndogo kiasi gani. Kina chake tukiite B = ħ²κ²/2m.

Sasa rusha wimbi kutoka kushoto. Kushoto una e^(ikx) + r e^(−ikx), kulia t e^(ikx). Wimbi kutokatika kunatoa 1 + r = t; mteremko unatoa ikt − ik(1 − r) = −2κt. Ukivitatua pamoja:

t = k/(k − iκ), T = |t|² = E/(E + B)

Hapo ndipo alama inapopotea, maana T ina κ² tu. Basi iangalie t yenyewe. Weka k = iκ: sehemu ya chini inakuwa sifuri, na e^(ikx) inageuka e^(−κx). Hiyo ndiyo hali iliyofungwa, wimbi linalosimama bila kurushiwa chochote. Kwa delta inayosukuma, t = k/(k + iκ), na sifuri iko k = −iκ, ambako wimbi linakua bila kikomo, kwa hiyo si hali halali. Tofauti inabaki pia kwenye fezi ya t: pale E = B ni +45° kwa inayovuta, −45° kwa inayosukuma, ingawa T ni 0.5 kwa zote.

Chukua elektroni yenye B = 1 eV. Urefu 1/κ ni kama 0.195 nm, α kama 0.39 eV·nm. Kwa E = 3 eV, T = 0.75. E ikikaribia sifuri, T nayo inaelekea sifuri: delta inavuta, lakini elektroni ya polepole inarudishwa karibu yote. Wengi hudhani wamekosea wakifika hapo, hawajakosea. Kagua vipimo vya α badala yake. Ukipata eV tupu, umeichukulia delta kama shimo lenye kina.

Shimo halisi lenye upana a linafanana na delta pale tu κa na ka zinapokuwa ndogo sana kuliko 1. Nishati ikipanda, shimo hilo hufikia T = 1 kwa baadhi ya nishati, jambo ambalo delta haifanyi kamwe.