Bebi shawa ya ofisini

"Tuko 18 ofisini na mlinzi na dada wa usafi, tuchangishe elfu 20 kila mtu?"

Hapana, elfu 20 kwa dada wa usafi ni nyingi mno. Wekeni kikomo elfu 10, chini ya hapo mtu atoe anachoweza hata buku, atume kwa mweka hazina mmoja na majina yasipostiwe kwenye grupu la wasap, ile listi ndo inaumbua watu. Ikipatikana laki na 20, keki ya elfu 40, soda na sambusa za elfu 30, elfu 50 inayobaki zawadi moja ya maana. Fanyeni muda wa lanchi, mlinzi apokewe zamu naye aje, wanaume pia. Ila mama kijacho aulizwe kwanza, wengine hawapendi zawadi kabla mtoto hajazaliwa.