Imepotea au imepotelea? Nishati ya kapasita inapoishia kwenye rezista

Swali: Katika ripoti ya jaribio niliandika, "Nishati yote ya kapasita ilipotea kwenye rezista." Aliyesahihisha alilikata neno "ilipotea" akasema nishati haipotei. Mbona vitabu navyo huandika hivyo? Niandike nini, na je, sentensi hiyohiyo inafaa kwa koili?

Jibu: Sentensi yako ni Kiswahili sahihi, ila imepungukiwa silabi moja. Andika "ilipotelea".

Tuanze na neno lililokatwa. Kupotea kwa Kiswahili hupimwa kwa yule aliyekosa kitu. Ufunguo ukipotea, haukufutika duniani. Upo mahali fulani, ila mwenyewe hanao. Ndivyo ilivyo kwa kapasita: ilikuwa na nishati, sasa haina. Sheria ya uhifadhi wa nishati haikatai jambo hilo. Inachokataa ni nishati kutoweka, yaani kuondoka hapa isionekane popote pengine. Kwa hiyo aliyekukosoa amelipa neno "kupotea" uzito ambao ni wa "kutoweka".

Hata hivyo alama yake nyekundu haikuangukia pabaya, kwa sababu "ilipotea" peke yake haimwambii msomaji nishati ilikwenda wapi. Hapo ndipo kauli ya kutendea inapotufaa. Maji yakimwagika juu ya mchanga mkavu husemwa yamepotelea mchangani, na kila msikilizaji anajua yako wapi: humo humo mchangani. "Nishati ya kapasita ilipotelea kwenye rezista" inafanya kazi hiyohiyo. Inamtaja aliyekosa na inapataja ilipoingia, kwa hiyo imebeba pande zote mbili za hesabu. Ukitaka kutaja pia umbo ililochukua, ongeza "ikageuka joto".

Lakini neno zuri halitoshi kama tarakimu zinalikana, kwa hiyo tulipime.

Chukua kapasita ya mikrofaradi 1000 iliyochajiwa hadi volti 20. Nishati yake ni ½CV², yaani nusu ya 0.001 mara 400, ambayo ni jouli 0.2. Iunganishe na rezista ya omu 1000. Mwanzoni kabisa rezista inapokea V²/R, yaani 400 kugawanya kwa 1000, sawa na wati 0.4. Kadiri volti zinavyoshuka, wati nazo zinashuka, tena kwa kasi maradufu, kwa kuwa zinafuata mraba wa volti. Volti hufifia kwa muda-tabia wa RC, yaani muda wa kushuka hadi asilimia 37 ya mwanzo, ambao hapa ni 1000 mara 0.001, sawa na sekunde 1. Wati hufifia kwa nusu ya muda huo. Ukijumlisha wati zote tangu mwanzo hadi mwisho unapata 0.4 mara 0.5, yaani jouli 0.2. Kilichotoka kwenye kapasita ndicho kilichoingia kwenye rezista, bila kasoro.

Angalia kwamba ukubwa wa rezista haubadilishi jumla hiyo. Weka omu 100 badala ya 1000: wati za mwanzo zinapanda hadi 4, muda-tabia unashuka hadi sekunde 0.1, na jumla inabaki jouli 0.2. Kwa sababu hiyo sentensi kama "rezista kubwa ilipoteza nishati nyingi zaidi" si sahihi katika jaribio hili. Rezista kubwa ilichukua muda mrefu zaidi, basi.

Kuna maneno mawili madogo yanayoharibu ripoti nyingi kuliko hata "kupotea", nayo ni "kwa" na "hadi". Baada ya sekunde 1 volti zimeshuka kutoka 20 *hadi* 7.36. Hiyo ni asilimia 37 ya mwanzo, kwa hiyo zimeshuka *kwa* asilimia 63. Chaji nayo vivyo hivyo, maana chaji na volti hushuka pamoja. Wengi huendelea kuandika kwamba nishati nayo imepungua kwa asilimia 63, na hapo wanateleza. Nishati iliyobaki ni nusu ya 0.001 mara mraba wa 7.36, yaani jouli 0.027. Imepungua *hadi* takriban asilimia 13.5, au *kwa* asilimia 86.5. Volti zikifika nusu, nishati imeshafika robo: kwa volti 10 kapasita ina jouli 0.05 tu, na 0.15 zimeshaingia kwenye rezista. Ukiandika "kapasita imebaki nusu" bila kusema nusu ya nini, umemwacha msomaji akisie kati ya majibu mawili tofauti.

Tofautisha vilevile nishati na nguvu. Wati 0.4 ni nguvu, yaani kasi ya kutoa nishati kwa dakika ile ya kwanza, au niseme kwa usahihi, kwa nukta ile ya kwanza. Jouli 0.2 ni nishati. Anayeandika "rezista ilipoteza nguvu ya jouli 0.2" amechanganya vipimo viwili katika sentensi moja.

Sasa tuseme umepima mwenyewe badala ya kukokotoa. Kila nusu sekunde mita inasoma volti 20.0, 12.13, 7.36, 4.46, 2.71, 1.64 na 1.00. Unageuza kila somo kuwa wati, unaunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka, unajumlisha eneo lililo chini yake. Jibu ni jouli 0.216. Rezista imepokea zaidi ya kile kapasita ilichokuwa nacho! Hapa wapo wanaoandika "nishati imeongezeka", na kalamu nyekundu inastahili kabisa. Hakuna kilichoongezeka. Mchirizi wa wati umebonyea kwenda chini, na kila mstari ulionyooka unapita juu yake, kwa hiyo unahesabu vipande ambavyo havikuwepo. Pima kila sehemu ya kumi ya sekunde, nayo ziada inashuka kutoka asilimia 8 hivi hadi chini ya nusu ya asilimia moja. Usisahau pia kuandika kile kilichobaki: kwa volti 1 kapasita bado ina jouli 0.0005. Ni kidogo, lakini ni cha kwake bado, hakijapotelea popote.

Hitilafu nyingine imejificha kwenye maandishi ya kapasita yenyewe. Kapasita za elektroliti mara nyingi huruhusiwa kutofautiana kwa asilimia 20 na kilichoandikwa ubavuni, kwa hiyo "1000" inaweza kuwa 800 au 1200. Ipime kwa mita yenye kipimo cha faradi kabla ya kuanza. Kuna njia ya mkato ambayo nakusihi uiepuke: kuchukua muda wa volti kushuka hadi asilimia 37, kuugawanya kwa R ili kupata C, kisha kutumia C hiyo kwenye ½CV². Hesabu zitalingana vizuri sana, lakini zimelingana kwa sababu umeipata C kutoka kwenye mshuko uleule unaoujumlisha. Hujahakiki chochote. Katika ripoti, kitenzi "nimehakiki" kiandikwe pale tu ambapo pande mbili za mizania zimepimwa kila moja kwa njia yake.

Kwa koili jibu ni ndiyo, ila maneno ya pembeni yanabadilika. Usiseme koili "inatoa chaji", kwa kuwa hakuna chaji iliyokusanyika ndani yake. Nishati yake imo katika uga wa sumaku, na inategemea mkondo: ½LI². Hata kitenzi "kuhifadhi" kina tofauti hapa. Kapasita iliyochajiwa unaweza kuikata kwenye saketi ukaiweka mezani, na bado itakaa na nishati yake kwa muda. Koili ya kawaida inashikilia nishati yake maadamu mkondo unapita. Mimi hupenda kuandika kwamba kapasita *imehifadhi* na koili *inashikilia*. Si kanuni ya sarufi, ni chaguo linalomsaidia msomaji.

Tuchukue koili ya henri 0.5 yenye mkondo wa ampea 2. Nishati ni nusu ya 0.5 mara 4, yaani jouli 1. Mkondo unaachwa uzunguke kupitia rezista ya omu 10 hadi ufe. Mpimaji anajumlisha wati za rezista na kupata jouli 0.8 tu. Je, 0.2 zimetoweka? La. Waya wa koili una ukinzani wake, tuseme omu 2.5, na mkondo uliopita kwenye rezista ndio uliopita kwenye waya. Omu zote ni 12.5, muda-tabia ni 0.5 kugawanya kwa 12.5, yaani sekunde 0.04. Rezista ilianza na wati 40, na waya ulianza na wati 10. Kila moja zidisha kwa nusu ya muda-tabia, sekunde 0.02: jouli 0.8 na jouli 0.2. Hesabu imetimia. Sentensi yake ni hii: "Nishati ya koili ilipotelea kwenye rezista na kwenye waya wa koili yenyewe, sehemu nne kwa moja." Hapo kauli ya kutendea imekulazimisha uulize swali ambalo "ilipotea" ingelifunika: imepotelea wapi na wapi?

Na kama mtu ameifungua swichi ghafla bila kuuachia mkondo njia ya kuzunguka, usiitaje rezista kabisa. Volti za koili zitapanda hadi hewa iliyo kati ya ncha za swichi ipitishe umeme, na sehemu kubwa ya jouli ile moja itaishia hapo. Andika "ilipotelea kwenye cheche", kisha zikague ncha za swichi. Zikishafunguliwa hivyo mara nyingi, utaziona zimeungua na kuwa na vishimo.