Kabla hujaandika "ILC3": kuitenganisha na seli T ya gama delta kwenye ngozi ya panya

Ukianza kazi ya kinga ya tishu, mapema tu utakutana na swali hili: kwenye ngozi iliyovimba, nani anatoa IL-17A? Washukiwa wakuu ni wawili. Kuna seli limfoidi za asili za kundi la tatu, yaani ILC3, na kuna seli T za gama delta. Zote hukaa kwenye tishu, zote hubeba RORγt, na zote zikifikiwa na IL-23 na IL-1β hujibu ndani ya saa chache bila kungoja kuonyeshwa antijeni. Tofauti ya kutegemewa ni moja: seli ya gama delta ina kipokezi cha T, kilichoundwa kwa kukata na kuunga upya jeni, kazi inayohitaji vimeng'enya vya RAG. ILC haina kipokezi hicho. Basi jaribio lako lina thamani kwa kadiri unavyoweza kukiona.

Na ndipo wengi wanapojikwaa. Chukua jaribio la kawaida: ngozi ya panya inapakwa krimu ya imikuimodi ya 5% kila siku kwa siku 5 au 6. Seli zinatolewa kwa kimeng'enya, zinachochewa kwa PMA 50 ng/ml na ionomaisini 500 ng/ml pamoja na brifeldini A kwa saa 3 hadi 4, zinawekewa kingamwili za CD3 na TCRγδ kwa nje, kisha zinatobolewa utando ili IL-17A ionekane. Mwanafunzi anachora geti ya CD3 hasi, anakuta kundi zuri la IL-17A, anaandika ILC3.

Tatizo ni PMA yenyewe. Huiwasha kinasi C ya protini, na seli T huvuta vipokezi vyake ndani pamoja na CD3. Seli iliyokuwa inang'aa sasa imefifia, na nyingine zinateleza hadi ndani ya geti yako.

Utajuaje? Weka mrija mmoja wa seli zilezile usiochochewa. Tuseme, kwa mfano wa kukokotoa tu, kati ya seli 1,000 za CD45 na CD90 mrija huo una 400 za gama delta na 60 zisizo na kipokezi chochote. Baada ya kuchochea unasoma 300 na 160. Saa 4 hazitoshi kuzalisha ILC 100 mpya. Hizo ndizo 100 zilizopotea upande wa pili. Tazama pia umbo la kundi: ILC halisi hukaa mahali pamoja, sawa na seli B zisizo na CD3, ilhali seli T zilizovuta vipokezi huacha mkia unaoshuka kutoka juu.

Dawa yake ni kuweka tena kingamwili za TCRβ na TCRγδ baada ya kutoboa utando, kwa rangi zilezile za nje. Usijaribu kukwepa kwa kuziweka kabla ya kuchochea, maana kingamwili ya TCRγδ, kama kloni GL3, inaweza kukiamsha kipokezi. CD3ε ya ndani nayo isikupe uhakika, kwa kuwa baadhi ya ILC na seli za NK zimeonekana kuwa nayo. Na kamwe usiitupe CD3 kwenye rangi moja na CD19 na alama nyingine za kuondoa: ukifanya hivyo, huwezi tena kukagua nani alififia.

Kimeng'enya cha kulainisha ngozi nacho hukata baadhi ya alama. Kipime kwa seli za wengu: nusu zipitishe humo, nusu usizipitishe, kisha linganisha.

Wengine hukimbilia panya wa Rag1-/-, wasio na seli T wala B lakini wenye ILC. Panya hawa wanakuonyesha kwamba ILC3 inaweza kutoa IL-17A, basi. Seli T zisipokuwapo kuitumia IL-7, ILC hupata zaidi na huweza kuongezeka, kwa hiyo wingi wake humo usiuhamishie kwa panya wa kawaida. Hata Tcrd-/- ana mtego wake: kwenye epidemisi yake, nafasi ya gama delta hujazwa na seli T za alfa beta.

Historia ya panya nayo ina uzito. Baada ya imikuimodi, seli za gama delta zenye Vγ4 huongezeka na kubaki kwenye ngozi kwa wiki kadhaa, hata sehemu ambayo haikupakwa, na ukipaka tena hujibu kwa nguvu zaidi. Hapa seli inayojibu haraka kama kinga ya asili inatunza kitu kinachofanana na kumbukumbu. Kwa hiyo upande wa pili wa mgongo wa panya huyohuyo haufai kuwa kidhibiti. Tumia panya ambaye hajawahi kupakwa.