Maandishi na nyuso zisifunikwe na vitufe: jinsi ninavyopanga fremu ya wima

Anayeanza kuhariri video za wima hukosea mahali pamoja karibu kila mara: huweka maandishi chini kabisa ya picha, kama tulivyozoea kuyaona kwenye televisheni. Ndani ya programu ya kuhariri kila kitu huonekana safi, kwa sababu pale hapana jina la akaunti, hapana maelezo ya posti, wala safu ya vitufe vya kupenda, kutoa maoni na kusambaza. Vitu hivyo huongezwa na jukwaa wakati mtazamaji anapoifungua video, na huketi juu ya picha yako bila kujali kilichoko chini yake.

Fremu ya kawaida ya wima ina upana wa pikseli 1080 na urefu wa pikseli 1920. Meta, katika maelekezo yake kwa watangazaji wa Reels, hushauri kuacha wazi takribani asilimia 14 juu, asilimia 35 chini na asilimia 6 kila upande. Ukizigeuza kuwa pikseli, unapata karibu 269 juu, 672 chini na 65 kila upande. Wanafunzi wangu wengi hushtuka wanaposikia kwamba zaidi ya theluthi moja ya picha, kuanzia chini, haifai kubeba maandishi. Hata hivyo maelezo ya posti yanaweza kuchukua mistari miwili au zaidi, juu yake lipo jina la akaunti, na kwenye tangazo huongezeka kitufe kikubwa cha kubofya. Ukiyapanga yote hayo, nafasi hiyo inaisha.

Kwa pande mbili mimi huacha zaidi ya kinachoshauriwa, yaani pikseli 160 kushoto na 160 kulia. Upande wa kulia sababu ni safu ya vitufe. Upande wa kushoto ningeweza kubana zaidi, lakini maandishi yakiwekwa katikati ya eneo lisilo na usawa huonekana yamesogea kushoto, na jicho huliona kosa hilo hata kama mtazamaji hawezi kulitaja. Ipo pia sababu ya simu ndefu. Kwenye skrini ya uwiano wa 20 kwa 9, ikiwa jukwaa litaikuza video ijaze skrini nzima, upana unaobaki ni pikseli 864 tu, maana yake pikseli 108 hukatwa kila upande. Kwa hiyo sanduku langu salama linaanza pikseli 160 kutoka kushoto na 269 kutoka juu, lina upana wa 760 na urefu wa 979, na sakafu yake iko pikseli 1248 kutoka juu. Ninalichora kama mstatili mtupu kwenye tabaka la juu kabisa la mradi, nalizima kabla ya kutoa video. Angalia tu programu yako huhesabu kutoka wapi, kwani nyingine huanzia kona ya juu kushoto na nyingine huanzia katikati ya fremu.

Manukuu ya mazungumzo nayaweka kwenye sakafu ya sanduku hilo, na hapa kuna jambo dogo lililowahi kuniharibia kazi nzima. Niliweka mstari mmoja wa manukuu juu kidogo ya sakafu, nikaridhika, kumbe kisanduku cha maandishi kilikuwa kimeshikizwa kwa ukingo wake wa juu. Kila sentensi ndefu iliyohitaji mstari wa pili ilikua kuelekea chini, na mstari huo ukazama nyuma ya jina la akaunti. Shikiza manukuu kwa ukingo wa chini ili mstari wa pili uusukume wa kwanza juu. Kwa herufi za ukubwa wa kawaida, mistari miwili itakaa kati ya pikseli 1070 na 1230, nawe utapanga uso wa msemaji ili kidevu chake kisishuke chini ya 950 au hapo karibu, vinginevyo manukuu yatamfunika mdomo. Nywele zikipita juu ya mpaka wa 269 si tatizo. Ninachokilinda ni macho na mdomo.

Nyuso ni ngumu kuliko maandishi, kwa sababu maandishi unayasogeza lakini uso umeshapigwa picha. Nitaeleza kisa kimoja kwa vipimo vyake. Nilikuwa na video ya fundi wa baiskeli akionyesha kiungo kilichochakaa kwenye mnyororo. Uso wake ulikuwa mahali pazuri, macho yakiwa kwenye 700 kutoka juu, ila kidole chake na kile kiungo vilikuwa 960 kutoka kushoto na 1350 kutoka juu, yaani chini ya vitufe hasa. Mtazamaji angesikia "angalieni hapa" huku akitazama alama ya kusambaza.

Wazo la kwanza lilikuwa kuigeuza picha kushoto kulia, kama kwenye kioo. Nililikataa, kwa kuwa mnyororo wa baiskeli uko upande wa kulia wa baiskeli, na fundi yeyote angegundua mara moja. Wazo la pili lilikuwa kuikuza picha hadi asilimia 120 kisha kuisogeza kushoto. Watu wengi hufanya hivyo bila kupiga hesabu. Ukikuza kutoka katikati, kilichoko 960 husukumwa hadi 1044. Nafasi ya kusogeza bila kufichua ukingo mweusi ni pikseli 108, kwa hiyo kidole kinarudi 936. Umepoteza sehemu kubwa ya picha ili kupata pikseli 24, na bado uko nje ya ukingo wa kulia wa sanduku, ulio kwenye 920.

Kilichofaa ni kinyume chake. Niliipunguza picha hadi asilimia 80, nikaipandisha pikseli 60, na nyuma yake nikaweka nakala ya picha hiyohiyo iliyokuzwa na kufifishwa. Kidole kikahamia 876 kutoka kushoto na 1212 kutoka juu, ndani ya sanduku. Macho ya fundi yakabaki kwenye 692. Lakini sasa manukuu yangekaa juu ya kidole chenyewe, basi nikayapeleka juu, kati ya 290 na 450, mahali palipokuwa wazi juu ya nywele zake. Niliyaacha hapo kwa video nzima, kwani manukuu yanayorukaruka kati ya juu na chini humchosha msomaji kuliko manukuu yaliyo mahali pasipozoeleka.

Kama mnaipiga picha ninyi wenyewe, rudini nyuma hatua moja zaidi ya mnavyodhani inatosha, na mwambieni msemaji ashike kitu usawa wa kifua. Video ya 2160 kwa 3840 inakupa uhuru wa kukuza hadi mara mbili bila kupoteza ukali, lakini kamera iliyokaribia mno haikupi nafasi ya kurudi nyuma.

Mwishoni, ipandishe video kama rasimu au kwa faragha, ukiwa umeandika maelezo marefu kama yale utakayotumia kweli, kisha itazame kwenye simu. Simamisha pale msemaji anapoinama mbele zaidi, pale sentensi ilipo ndefu zaidi, na pale mkono unaponyooka mbali zaidi, kwa kuwa fremu ya kwanza kwa kawaida huwa salama. Piga picha ya skrini hapo, iweke juu ya mradi wako ikiwa hafifu kwa nusu, na usogeze mpaka wa sanduku kulingana na unachokiona. Majukwaa hubadilisha mpangilio wa vitufe mara kwa mara, nami huipiga upya picha hiyo ya skrini kila ninapoanza kazi mpya.